Mstari Ukilala, Joto Halijalala

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi Temeke, mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne, walimu wao na wazazi wachache. Mvua iliwazuia wengi, kwa hiyo nimeiandika kama nilivyoisema. Michoro ya ubaoni nimeiacha. Chukueni karatasi mchore wenyewe.

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea mlangoni, marahaba. Walimu wenzangu, wazazi wetu, asanteni kwa kuvuka madimbwi.

Najua mtihani mtaukuta kwa Kiingereza. Leo tunaongea Kiswahili, kwa sababu kosa ninalotaka kulizungumzia halitokani na Kiingereza. Nimesahihisha karatasi kwa miaka mingi, na nimeona mtoto anayekijua Kiingereza vizuri kabisa akilifanya kosa lile lile. Anaonyeshwa grafu ya kitu kinachopashwa moto. Mstari unapanda, unafika mahali unalala, kisha unapanda tena. Anaulizwa: hapo ulipolala kuna nini? Naye anajibu, "Hapo joto limeacha kuingia."

Limeacha kuingia? Nani kazima jiko?

Tuanzie Feri, pale soko la samaki. Mchuuzi ana ndoo ya changu na kibua, kamwaga barafu iliyopondwa juu yake. Saa mbili asubuhi ndoo imejaa barafu. Saa nne nusu yake imekuwa maji. Saa tano vimebaki vipande vinavyoelea. Jua la Dar mnalijua, na kwa saa zote hizo limekuwa likiipiga ile ndoo bila huruma. Sasa niambieni: ukitia kipimajoto kwenye yale maji ya barafu saa mbili, kinasoma ngapi? Karibu sifuri. Saa nne je? Sifuri. Saa tano, vipande vikiwa bado vinaelea na maji yamekorogwa vizuri? Sifuri vile vile.

Joto limeingia au halijaingia? Limeingia, tena jingi. Mchuuzi analijua hilo bila kipimajoto. Anachungulia ndoo, akiona barafu bado ipo hana wasiwasi. Akiona imekwisha anakimbia kutafuta nyingine, maana anajua kuanzia dakika hiyo maji yataanza kupata uvuguvugu na samaki watalegea. Huyo bwana anaisoma grafu. Ndoo yenye barafu na maji pamoja ndiyo ule mstari uliolala, na barafu ikiisha mstari unaanza kupanda.

(Mwalimu mmoja akaniuliza kuhusu chumvi. Kweli, ukitia chumvi kwenye barafu unashuka chini ya sifuri, na wauza aiskrimu wa zamani walikuwa wakifanya hivyo. Mimi nazungumzia barafu ya maji matupu.)

Joto lile lilikwenda wapi basi? Kiswahili chetu kimetupa maneno mawili hapa, na ni bahati kubwa kuwa nayo. Kuna joto na kuna jotoridi. Joto ni nishati inayoingia au kutoka. Jotoridi ni kile kipimajoto kinachosoma, yaani kipimo cha mwendo wa chembe: zinatikisika kwa kasi kiasi gani kwa wastani. Ndani ya barafu chembe zimeshikana, kila moja na mahali pake. Joto linaloingia wakati wa kuyeyuka linatumika kuwabandua hao walioshikana. Halitumiki kuwakimbiza. Kwa kuwa mwendo wao hauongezeki, kipimajoto hakina cha kusoma zaidi. Ndiyo maana joto hili linaitwa joto fiche. Limeingia ndani, ila kwenye kipimajoto halionekani.

Na limefichika kiasi gani? Hapa nitawapa hesabu moja tu, halafu niwaache. Chukua gramu 100 za barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri, na hita inayoingiza jouli 100 kila sekunde, pasiwe na kinachopotea. Kuiyeyusha barafu yote kunahitaji jouli 33,400, yaani dakika tano na nusu hivi. Kuyapandisha maji hayo kutoka sifuri hadi 100 kunahitaji jouli 42,000, dakika saba. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji jouli 226,000. Hiyo ni karibu dakika 38! Sasa ukichora grafu hiyo, muda ukiwa mhimili wa chini na jotoridi mhimili wa kusimama, utaona mstari umelala dakika tano na nusu, umepanda dakika saba, kisha umelala tena dakika 38. Sehemu kubwa ya grafu imelala! Na hita haikuzimwa hata sekunde moja.

Kina mama mliopo hapa mnalijua hili kwa mtungi wa gesi. Maharage yakishachemka, ukifungua gesi mpaka mwisho yanaiva haraka? Hayaivi haraka. Sufuria iliyo wazi hapa Dar, kando ya bahari, maji yake yanachemka kwenye nyuzi 100 na yatabaki hapo hapo. Moto mkubwa unayageuza maji kuwa mvuke kwa kasi zaidi, basi. Umelipia gesi ikufukizie dari.

Na nikisema "hapa Dar" nina maana yangu. Peleka sufuria hiyo hiyo Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yatachemka karibu na nyuzi 95, kwa sababu hewa inayoyakandamiza kule ni nyepesi. Mstari unalala vile vile, ila umelala chini zaidi. Kwa hiyo akija mtu na jibu la kuchagua linalosema "maji huchemka kwenye nyuzi 100 popote pale", mpe pole.

Sasa tugeuze. Hadi hapa tulikuwa tunapasha. Kitu kikipoa je?

Hapa nina kisa changu, na nakisimulia kwa sababu aliyekosea ni mimi. Miaka mingi iliyopita nilikuwa kijana, nafundisha shule moja hapa mjini. Jaribio la kupoza lilikuwa la naftalini. Mnaijua: vile vidonge vyeupe vinavyonuka ambavyo watu huweka kabatini kufukuza nondo na mende. Naftalini inayeyuka kwenye nyuzi 80, na vitabu vyote vilisema hivyo. Stoo ya maabara haikuwa na kitu. Nikapita Kariakoo nikanunua pakiti ya vidonge kwa bei ya chee, nikavitwanga, nikavitia kwenye neli ya kioo, nikaisimamisha ndani ya maji yanayochemka mpaka vikayeyuka vyote. Tukaitoa neli, kipimajoto ndani, wanafunzi wakaanza kuandika namba kila dakika.

Ikashuka 90. Ikashuka 85. Ikafika 80, nami nikawaambia, "Sasa tazameni, hapa itakaa." Haikukaa. 76. 71. Nikanyamaza. 66, 61, 57. Ikafika 53, na hapo ikakaa. Dakika ya kwanza 53, ya pili 53, mpaka dakika ya sita 53, na ndani ya neli weupe ulikuwa unatambaa kutoka kwenye kioo kuelekea katikati. Halafu ikaanza kushuka tena.

Nilifanya nini? Nililaumu kipimajoto. Nikakitia kwenye maji ya barafu, kikasoma sifuri. Nikakitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma 100. Kipimajoto kizima! Na nilipokusanya madaftari jioni, je, wanafunzi walikuwa wameandika nini? Zaidi ya nusu walichora mstari umelala kwenye 80. Namba waliziona kwa macho yao, wakazifuta, wakaandika za kitabuni. Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe niliwaambia itakaa 80.

Vidonge vile havikuwa naftalini. Madukani vipo vya aina mbili vinavyofanana kwa sura, na hata harufu zake zinakaribiana. Kimoja ni naftalini, kingine ni paradiklorobenzini, ambayo inayeyuka na kuganda kwenye nyuzi 53. Mstari ulilala pale ulipopaswa kulala. Ulikuwa unaniambia jina la kitu kilichomo nami sisikii. Baadaye nilihakikisha kwa njia ya jikoni: nikakoroga chumvi ndani ya maji mpaka ikakataa kuyeyuka zaidi, nikatumbukiza kidonge kizima. Naftalini huelea kwenye maji ya chumvi namna hiyo, paradiklorobenzini huzama. Changu kilizama kama jiwe.

Walimu wenzangu, mvuke wa vidonge hivi vyote viwili si wa kuvuta. Siku hizi tumieni asidi ya steariki kama mnaipata, na kama hamna, fungueni madirisha yote au mfanyie barazani.

Turudi kwenye ile dakika ya kwanza mpaka ya sita. Neli imetolewa kwenye maji moto, imesimama hewani, hewa ya chumba ni nyuzi 30. Kitu cha nyuzi 53 kilichozungukwa na hewa ya nyuzi 30 kinapoteza joto au hakipotezi? Kinapoteza! Shika neli utaona. Basi kwa nini jotoridi halishuki? Kwa sababu chembe zinaposhikana kuwa yabisi zinarudisha lile joto fiche zililokula wakati wa kuyeyuka. Kinachotoka nje kwenye kioo kinafidiwa na kinachotolewa na kuganda ndani. Kinachoganda kinalipa deni, na kikishaganda chote hakuna tena wa kulipa, ndipo jotoridi linaanza kushuka.

Mtu akikwambia "mstari umelala, kwa hiyo hakuna joto linalotoka", muulize: kama hakuna joto linalotoka, kile kimiminika kiligandaje?

Sasa tushike swali lenyewe. Nimelitunga kwa mtindo mtakaokutana nao. Kitu X kilichoyeyuka kinapozwa ndani ya chumba. Grafu inaanza nukta P kwenye nyuzi 95, inashuka hadi Q kwenye 80, inalala kutoka Q hadi R, inashuka hadi S kwenye 30, kisha inalala tena kutoka S hadi T. Kauli ipi ni sahihi kuhusu sehemu QR?

A. X yote ni kimiminika.
B. X haitoi joto, kwa sababu jotoridi halibadiliki.
C. X ni kimiminika na yabisi kwa pamoja, na inatoa joto.
D. Chembe za X zinapunguza mwendo wake wa wastani.

Nyosheni mikono. A? Wanne. B? Eee, wengi, na muda wote huu nimekuwa nasema! C? D?

A ni kweli kwenye nukta Q, kuganda kunapoanza. Kufikia R yote ni yabisi. Katikati ya hapo vyote viwili vipo, kama ndoo ya Feri. Kwa hiyo A inaelezea nukta moja, na swali limeuliza sehemu nzima. B tumeshaizika. D ndiyo inayowakamata wanafunzi wazuri. Anafikiri: kinapoa, basi chembe zinapunguza mwendo. Lakini jotoridi ndilo kipimo cha mwendo wa wastani, na jotoridi halijabadilika. Mwendo wa wastani umebaki vile vile, na kilichobadilika ni namna zilivyoshikana. Zinapunguza mwendo kwenye PQ na RS, pale mstari unaposhuka. Jibu ni C.

Sasa nageuza neno moja tu. Grafu ni ya kupasha, X inapanda kutoka 30, inalala kwenye 80, inaendelea kupanda. Kauli C inasimama? Nusu yake inasimama, nusu imeanguka. Kimiminika na yabisi kwa pamoja, ndiyo. Inatoa joto? Hapana, hapa inapokea. Watunga mitihani wanaupenda sana mtego huu. Wanaandika kauli yenye nusu mbili, ya kwanza ya kweli tupu, ya pili ya grafu nyingine. Mtoto anaisoma nusu ya kwanza, anafurahi, anaizungushia duara. Soma mhimili kwanza, uone mstari unashuka au unapanda kwa jumla. Ndipo uchague.

Na hiyo ST je? Mstari umelala kwenye 30 kutoka S hadi T. Hapo ni badiliko gani la hali? (Kijana mmoja wa nyuma akajibu, "Inaganda mara ya pili, mwalimu." Ukumbi ukacheka, lakini niliwaambia wasimcheke, kwa sababu alikuwa anafuata kanuni aliyofundishwa: mstari ukilala, hali inabadilika.)

Mwanangu, kanuni hiyo ina mlango wa nyuma. Kwenye 30 X imefikia jotoridi la chumba. Haina tena pa kushukia. Hapo ndipo joto kweli halitoki, kwa sababu X na hewa wamelingana. Hii ndiyo sehemu ambayo kauli B ingekuwa sahihi! Utaitambuaje? Angalia mstari ulivyofika. Kuelekea S umeshuka kwa kupinda polepole, kama gari linalokanyaga breki taratibu, maana kitu kinavyokaribia jotoridi la chumba kinapoa kwa uvivu zaidi. Kwenye Q hakuna kupinda polepole. Mstari ulikuwa unashuka vizuri, ghafla umelala, na pale R umevunjika ghafla tena kuanza kushuka. Kona mbili kali, mwanzo na mwisho, ndizo za badiliko la hali. Na uulize tu: jotoridi la chumba ni ngapi? Dar ukiona mstari umelala kwenye 30 mwishoni mwa karatasi, shuku chumba kabla hujashuku kitu.

Kuna sura nyingine mbili mtakazoziona maabara ambazo hazimo vitabuni kwa uzuri huo. Ya kwanza, mstari unashuka chini kidogo ya mahali pa kuganda, halafu unapanda wenyewe, kisha unalala. Nani kawasha moto? Hakuna. Kimiminika safi kilichotulia bila kutikiswa kinaweza kupitiliza kikiwa bado hakijaganda. Punje ya kwanza ikishajitokeza, kuganda kunaanza kwa haraka na joto fiche linalotolewa linaurudisha mstari juu. Mahali pa kuganda ni pale mstari ulipolala. Usisome chini ya shimo.

Ya pili, mstari haulali sawasawa, unateremka kama kilima cha mchanga. Jaribuni na mshumaa wa dukani mtaona. Nta ya mshumaa ni mchanganyiko wa vitu vingi vinavyofanana, kila kimoja na mahali pake pa kuganda, kwa hiyo vinaganda kwa zamu na jotoridi linashuka pole pole muda wote. Mafuta ya nazi nayo ni mchanganyiko. Yanaanza kulainika karibu na nyuzi 24, ndiyo maana chupa yake hapa Dar ni maji matupu miezi mingi, na ukimpelekea shangazi Njombe anakulalamikia kwamba umempa jiwe. Kitu safi mstari wake umelala sawasawa, na kitu kilichochanganyika mstari wake umeinama. Kauli ikisema "X ni kitu safi" huku QR imeinama, iache.

Baada ya hapo mama mmoja akasimama. Mwanawe yuko kidato cha pili, akasema, alifanya jaribio hili wiki iliyopita na sasa anadaiwa kipimajoto. Akauliza kosa lilikuwa wapi.

Nikamuuliza kijana, ulikitoaje? Akasema, "Nilikivuta." Kikakatika.

Mwanangu, ulipokivuta ulikuwa upande gani wa R? Akafikiri, akasema, "Baada ya R." Basi kilikuwa ndani ya yabisi, kimekumbatiwa pande zote. Hakivutwi hapo. Ukimaliza kuandika namba, irudishe neli nzima kwenye maji yanayochemka, subiri mpaka iyeyuke yote, ndipo ukitoe na ukifute kingali cha moto.